Mrejesho: toleo 4.2 la programu yetu ya simu, tulisitisha kulisambaza

Niliuliza: "Sesheni zisizoanguka zimeshuka kutoka asilimia 99.6 (toleo 4.1) hadi 99.1 (4.2), na tumefikia asilimia 10 ya watumiaji. Tusitishe?"

Wakuu, tumesitisha. Nilichambua kwa modeli ya simu: modeli moja ya bei nafuu, yenye kama asilimia 9 ya sesheni, ilikuwa 94, nyingine zote 99.6. Bado hiyo haitoshi, huenda simu hiyo ni dhaifu siku zote. Nikaitazama kwenye 4.1: ilikuwa 99.5. Basi tatizo ni toleo.

Kumbukeni kusitisha kwa `Halt rollout` hakuwarudishi kwenye 4.1 waliokwisha kupakua 4.2, kwa hiyo toleo la marekebisho 4.2.1 linaandaliwa haraka.