Naomba ushauri: maandishi yanaziba mikono

Habari zenu wakuu. Naandika filamu fupi ya dakika 6 kwa ajili ya viziwi na wenye usikivu hafifu. Kuna sini mama anachambua mchele, mlango unagongwa, baba anamwashiria asifungue. Chini ya skrini niliweka "[mlango unagongwa kwa nguvu]". Rafiki yangu kiziwi alipomaliza kusoma, ishara ya baba ilishapita, na maandishi yalimziba baba mikono (hilo sikuliwaza kabisa). Nimefupisha ikawa "[hodi kwa nguvu]", nikayapeleka juu. Bado macho yanagawanyika.

Je, kwenye skripti niandike baba asubiri maandishi yatoke ndipo aashirie? Au niyafute, tuone tu komeo likitikisika na mama akishtuka?