Kikundi "Familia Yetu": Vijiko Vitano

Mama Amina: Jmn shikamooni wakubwa, mambo wadogo. Nina swali. Amina anafika miaka mitano kabla ya januari, anaingia darasa la awali. Anahesabu mpaka ishirini bila kukosea ila jana nimemwambia niletee vijiko vitano kaniletea gao zima, vilikuwa kumi na kitu. Sa ndo kuhesabu gani huku

Baba Amina: mbona mtoto anajua, mi kanihesabia mpaka 30 kwenye daladala abiria wote wakapiga makofi

Mjomba Side: Dada sare mnunulie mapema, mwezi wa 12 bei zinapanda balaa

Mama Amina: Side sijauliza sare 😂

Shangazi Zuhura: Marhaba mama Amina. Kaka, hapo mtoto anaimba tu, kama anavyoimba nyimbo zake zingine. Kusema moja mbili tatu ni kitu kimoja, kujua kwamba hii "tano" ndo vijiko vyenyewe vilivyopo mezani ni kitu kingine na kinachelewa kidogo. Nimefundisha awali miaka mingi, kila januari wanakuja hivyohivyo, anafika hamsini ila ukimwambia nipe vinne anakujazia mkono

Mama Amina: Kwaiyo nifanyeje wifi, nimfundishe mpaka mia?

Shangazi Zuhura: Hapana acha kupanda juu rudi chini. Tafuta vizibo vya soda kama kumi, weka kwenye bakuli. Usimwambie "hesabu", mwambie "nipe vizibo viwili". Akitoa viwili sawasawa mwambie vitatu. Hapo utaona penyewe anapokwama, wengi wa umri wake wanaishia tatu au nne halafu wanaanza kugawa hovyo. Ngoja nampa dada wa kazi maelekezo ya uji nakuja

Bibi Tanga: Vizibo sawa lakini kunde na maharage msimpe. Huyo baba yake alijitia harage puani ana miaka minne tukampeleka hospitali usiku mvua inanyesha

Baba Amina: mama hilo harage utalisema mpaka lini

Bibi Tanga: Mpaka nife

Mama Amina: Nimejaribu sa hivi. Viwili kanipa vizuri, vitatu vizuri, vinne kanipa vyote akakimbia

Shangazi Zuhura: Basi anajua tatu, hapo ndo pa kuanzia. Sasa panga vizibo vitano kwenye mstari mwambie avihesabu kwa kugusa, we angalia kidole chake na mdomo wake usimsaidie, uniambie amemalizia namba gani

Mama Amina: Kasema vitatu!! Viko vitano kabisa wifi. Kagusa vyote hajaruka hata kimoja

Shangazi Zuhura: Hahaa nilijua. Hesabu mwenyewe, mo-ja kagusa viwili, mbi-li kagusa viwili vingine, ta-tu limeangukia cha tano. Anagusa kwa kila silabi, kidole kinafuata mdundo wa neno. Akisema namba ndogo kuliko vilivyopo ujue kidole kinakimbia kuliko mdomo, akisema kubwa zaidi mdomo ndo umekimbia au karudia kizibo alichokwishagusa

Baba Amina: duh dada, hiyo sikuijua. mi huwa nampa namba kubwa ndo achangamke

Shangazi Zuhura: Asiguse tena, asukume. Chora mstari kwa chaki sakafuni, kizibo kimoja kinavuka mstari ndo anasema neno lake, halafu kingine. Kusukuma ni kazi kuliko kugusa kwaiyo mkono unapungua mwendo na neno linaisha kabla hajashika kingine. Akimaliza muulize "viko vingapi?" Akianza kuhesabu upya toka moja ujue bado hajaelewa kwamba lile neno la mwisho ndo jibu. Hapo usimsahihishe, sema wewe tu "moja, mbili, tatu. Viko vitatu!" ukiwa umeviziba vyote kwa kiganja

Mama Amina: Na akisema "vizibo tatu" nimrekebishe? Maana nasema vitatu ananiangalia kama sio kiswahili

Shangazi Zuhura: Usimkate. Kwenye wimbo kajifunza tatu, nne, tano, we unamletea vitatu, vinne, vitano, kwake linaweza kuwa neno geni kabisa. Sema vyote, "tatu, vizibo vitatu". Sita na saba hazina shida zenyewe hazibadiliki, sita ni sita iwe vizibo iwe watu. Nane ndo itakuja kumsumbua, vinane

Lulu: Dada na herufi je? Wangu huku Arusha shule ya kiingereza, anaimba ei bii sii yote ila nikimwandikia "embe" anasoma "imbi" 😭

Mjomba Side: si anajua herufi huyo, akili nyingi

Shangazi Zuhura: Anajua majina ya herufi ya kiingereza Side. Kule e inaitwa ii, i inaitwa ai, a inaitwa ei. Akija kwenye kiswahili irabu tatu kati ya tano zinamgeuka. Mi kwa nyumbani ningeanza na sauti za kiswahili maana herufi inasomeka vilevile kila mahali

Lulu: Mwalimu wake kasema tusimchanganye tuongee kiingereza hata nyumbani

Shangazi Zuhura: Mi sikubaliani nae ila ndo yuko na mtoto kila siku, kaongee nae

Mama Amina: Na mimi wa kwangu nianze na a e i o u?

Shangazi Zuhura: Anza na masikio kabla ya karatasi. Pigeni makofi kwa majina, A-mi-na makofi matatu, ba-ba mawili. Akizoea kata karatasi tatu, A, MI, NA, azipange jina lake. Halafu mnachezea hizohizo, A na NA ni "ana", ukiongeza MI nyingine ni "mimi". Karatasi nne tu tayari anasoma maneno matatu. Dakika kumi zinatosha, akianza kuzirusha funga duka

Baba Amina: mbuzi ni makofi matatu au mawili? m-bu-zi

Shangazi Zuhura: Mawili, mbu-zi. Ila mtoto ni matatu, m-to-to

Baba Amina: sasa hiyo m inatofautiana nini

Bibi Tanga: Mbuzi ni matatu, sikiliza vizuri

Shangazi Zuhura: Mama hiyo m inamezwa, inatoka pamoja na b. Ila Amina akipiga matatu mwacheni, kwa sasa nataka asikie tu kwamba neno linakatika

Mjomba Side: Mbwa je

Shangazi Zuhura: Mbwa mawili, m-bwa. Side usianze

Mama Amina: Kaandika A yake kwenye ukuta wa sebule, imelala ubavu

Shangazi Zuhura: Sio neno, hata b na d atazigeuza mpaka darasa la kwanza huko. Kuandika kusubiri, mpe mchanga achore kwa kidole

*(siku nne baadae)*

Mama Amina: Leo nimesema lete vijiko vinne. Kavisukuma mezani kimoja kimoja, "moja, mbili, tatu, nne, vinne". Nikamwambia sasa vitano, kaleta gao lote tena 😂

Shangazi Zuhura: Safi, baki kwenye nne wiki hii

Bibi Tanga: Mbuzi ni matatu