Mrejesho: cheti cha ndoa cha Tanzania kutumika Dubai

Niliuliza: "Wadau, cheti cha ndoa nianzie wapi kugonga mihuri ili mke wangu apate ukaazi Dubai?"

Kimekubaliwa. Kilianzia RITA, kikaenda Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Emirati Dar es Salaam, na mwisho Wizara ya Mambo ya Nje ya Emirati yenyewe. Huwezi kuruka, maana kila ofisi inathibitisha saini ya ofisi iliyotangulia tu. Ubalozi haumjui ofisa wa RITA. Unaijua saini ya Wizara. Mihuri yangu imejaa nyuma ya cheti, kwa hiyo msikilaminishe. Tafsiri ya Kiarabu nilifanyia kulekule Dubai, kwa mtafsiri mwenye leseni, mihuri yote ikiwa imeshagongwa. Asanteni, wakuu.