Tuisheni imewaongeza watoto alama 10, sasa inatuambia pengo limepungua!

Mama Kulwa
Wakuu, nina hasira mpaka kichwa kinagonga. Tuisheni ya wanangu huku Nyegezi ina watoto 8. Jaribio la hesabu limetoka hivi: 20, 22, 24, 26, 74, 76, 78, 80. Kulwa kapata 24, Doto 78. Mwalimu akaandika kwenye grupu: "Wastani 50, darasa linakwenda vizuri." Nani kapata 50 hapo? Nilipohoji, akawaongeza wote alama 10, akasema wastani ni 60 na pengo limepungua. Kulwa 34, Doto 88. Limepungua wapi? Na ada nalipa ya wawili!

Fundi Hesabu
Dada, hujakosea. Tafuta mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zilivyotawanyika mbali na wastani. Aliyepata 20 yuko 30 chini ya wastani, wa 22 yuko 28 chini, endelea hivyo mpaka wa 80. Kila tofauti izidishe kwa yenyewe ili za chini na za juu zisifutane. Jumla 5872, gawa kwa 8 upate 734, kipeuo chake cha pili ni kama 27. Ukiwapa wote 10, wastani nao unapanda 10, kwa hiyo hakuna tofauti inayoguswa. Ni 27 ile ile. Wangepata 46, 48, 49, 50, 50, 51, 52, 54, wastani ungebaki 50 lakini mkengeuko ungekuwa kama 2 tu.

Kijana wa Igoma
Mbona kompyuta inanipa 28.96? Halafu asilimia 68 ya watoto lazima wawe ndani ya mkengeuko mmoja, basi wengi wako katikati.

Fundi Hesabu
Umetumia `STDEV.S`, inagawa kwa 7, ni ya sampuli. Hapa tuna darasa zima, tumia `STDEV.P`. Hiyo 68 ni ya alama zilizorundikana katikati. Toa 27 kwenye 50, kisha ongeza 27, uhesabu mwenyewe kati ya 23 na 77: wako wanne, nusu ya darasa. Na karibu na 50 hakuna mtu.

Mzee wa Mwaloni
Mimi niliuziwa dagaa hapa Kirumba, nikaambiwa ukavu wake ni wa wastani. Kumbe nusu ya gunia wakavu, nusu wabichi. Waliooza hawakujua wastani. Huyo wa 24 mhamishe.

Mama Kulwa
Mzee, sijauliza kuhama! Sasa mwalimu anadai 27 inaonyesha jaribio zuri, limewachambua watoto.

Fundi Hesabu
Namba hiyo peke yake haisemi hivyo. Inasema wametawanyika, haisemi kwa nini, wala haionyeshi kwamba wamegawanyika makundi mawili. Omba karatasi za wale wanne wa alama za chini uone kama wamekosa maswali yale yale.

Mama Kulwa
Nimeiona ya Kulwa. Sehemu zote kakosa, na wiki hizo alikuwa kitandani na malaria. Hao watatu wengine je? Mwalimu hapokei simu.