Naomba ushauri: slaidi za kampeni ya fistula, maneno yasidhalilishe na mchango ueleweke

Kalamu_Nyepesi
Habari za muda huu wakuu. Nasaidia shirika dogo linalowapeleka hospitali wanawake wenye fistula ya uzazi. Nimepewa kazi ya kuandaa posti ya slaidi saba kwa ajili ya Instagram, itoke kabla ya Mei 23, siku ya kimataifa ya kutokomeza fistula. Rasimu yangu hii hapa:

1. Ananuka mkojo. Mume kamkimbia. Kosa lake? Kuzaa.
2. Unavuja mkojo? Hiyo inaweza kuwa fistula.
3. "Ni laana." "Amerogwa."
4. Hapana! Chanzo ni uchungu uliochukua muda mrefu.
5. Picha ya mama mmoja akisubiri operesheni.
6. Mchango wako unamrudishia maisha yake.
7. Changia, jitolee, sambaza, tufuate. Linki ipo kwenye bayo.

Mkurugenzi anaipenda sana ya kwanza, anasema inagusa. Mimi roho inasita. Halafu kampeni iliyopita watu walipenda na kusambaza kwa wingi, ila waliochangia au kujitolea ni wa kuhesabu. Nikosoeni bila huruma.

Chapakazi
Ya kwanza usiiguse. Usipomshtua mtu kwenye slaidi ya kwanza, ya pili haioni. Na mbona hujataja ndoa za utotoni? Ndizo chanzo cha fistula. Weka hiyo, michango itakuja yenyewe.

MkungaMzoefu
Chapakazi, kuhusu uzito wa slaidi ya kwanza nakubaliana nawe. Kuhusu chanzo, hapana. Chanzo ni uchungu pingamizi: mtoto amekwama, kichwa kinabana nyama laini kwenye mfupa wa nyonga kwa saa nyingi, wakati mwingine siku mbili tatu. Damu haipiti, nyama inakufa, baada ya siku kadhaa inabanduka na tundu linabaki kati ya kibofu na uke. Nyonga changa ya binti mdogo inaongeza hatari, ni kweli, lakini wodini nimewapokea pia akina mama wa uzao wa tano. Na wapo waliojeruhiwa kibofu wakati wa operesheni ya kujifungua au ya kutoa kizazi. Ukitaja ndoa za utotoni peke yake, mama wa miaka 35 anapita akijua hayo si yake.

Kalamu, jiulize nani anaisoma. Unamfikiria mchangiaji. Lakini kuna mdogo mtu mwenye simu ambaye dada yake amejifungia chumbani. Akikuta "ananuka", hamwonyeshi dada yake kamwe. Mimi ningeandika: "Uchungu ulichukua siku mbili. Tangu hapo mkojo haujaacha kuvuja. Inatibika." Bado inashtua, ila hakuna aliyevuliwa nguo mbele za watu. Huyo mume mwache, wapo wanaobaki na wake zao.

Slaidi ya sita nayo inaahidi kupita kiasi. Wengi tundu linaziba kwa operesheni ya kwanza, si wote. Kuna wanaorudi mara ya pili, na kuna ambao tundu limeziba vizuri lakini mkojo bado unawatoroka wakitembea. Huyo akisoma "mchango wako unamrudishia maisha", wewe umemwambia nini? Andika "unamfikisha kwenye matibabu".

MamaWawili
Asante kwa uzi huu jamani. Mimi tangu nijifungue wa pili, nikikohoa au nikicheka mkojo unaponyoka. Hiyo slaidi ya pili imenigusa kabisa. Nipige namba ipi?

MkungaMzoefu
Dada MamaWawili, pole. Unavyoeleza inafanana zaidi na misuli ya nyonga kulegea baada ya kuzaa. Fistula haisubiri kikohozi, inavuja mfululizo hata ukiwa umelala. Nenda kaonwe hata hivyo, yako mara nyingi inaanza kutibiwa kwa mazoezi tu, usiizoee.

Kalamu, umeona? Slaidi yako inamwita kila anayevuja. Ongeza "usiku na mchana, hata akiwa amelala, tangu alipojifungua". Na kama una nafasi ya sentensi moja tu ya kitabibu, iwe hii: aliyeanza kuvuja siku hizi asingoje. Tundu dogo likiwahiwa katika wiki za mwanzo, mpira wa mkojo ukiachwa ndani kwa wiki kadhaa, wakati mwingine linajiziba bila kisu.

Dau_la_Mchana
Nafanya kazi hizi za mitandao kila siku. Tatizo kubwa la rasimu yako ni slaidi ya tatu, na hakuna aliyeigusa.

Slaidi hazisafiri pamoja. Mtu anapiga picha ya skrini, anairusha kwenye grupu la WhatsApp. Ya tatu ikienda peke yake, shirika lako ndilo linalotangaza kwamba fistula ni laana, tena nembo yenu iko pembeni. Uongo usikae peke yake kwenye slaidi, na usiwe na herufi kubwa kuliko ukweli. Anza na ukweli: "Ni jeraha la uzazi", kisha chini kwa herufi ndogo: "Si laana. Hakurogwa." Ya tatu na ya nne zinakuwa moja. Pia Instagram humrudishia posti mtu aliyeipita, safari hii ikianzia slaidi ya pili, kwa hiyo nayo lazima ieleweke bila ya kwanza.

Ya mwisho ina vitenzi vinne. Aliyepewa kazi nne anabonyeza moyo anaondoka, ndiyo kampeni yenu iliyopita hiyo. Chagua kimoja, kingine kiwe na posti yake wiki nyingine. Ukichagua mchango, namba ya malipo na jina litakalotokea kwenye simu viandikwe kwenye slaidi yenyewe, maana kwenye WhatsApp hakuna bayo. Na kama hela inaingia mfuko mmoja, usiandike "operesheni ya mama mmoja". Sema inalipia nini kweli: nauli, chakula cha anayemsindikiza, operesheni.

Ukichagua kujitolea, neno "jitolee" halimwambii mtu afanye nini. Andika: "Tunahitaji wa kuwasindikiza akina mama hospitali, siku moja kwa mwezi. Tuma neno SINDIKIZA kwa namba hii, tutakujibu ndani ya siku mbili." Na awepo wa kujibu kweli.

Kalamu_Nyepesi
Mmenifungua macho. Nimeanza na kujitolea, kwa sababu wasindikizaji ndio wanaotukwamisha sasa. Slaidi zimebaki tano: ya kwanza ya Mkunga, ya pili dalili, ya tatu ukweli na kanusho, ya nne matibabu na kutongoja, ya tano SINDIKIZA. Picha sijui niiweke wapi. Yule mama alisaini fomu ya ridhaa.

MkungaMzoefu
Alisaini lini? Kama ni akiwa anasubiri kitanda, hiyo siihesabu. Anayesubiri operesheni anakubali kila kitu. Mrudie akishapona, mwonyeshe slaidi yenyewe kwenye simu, mwambie inaweza kufika mpaka kwa wakwe. Akisita, imekwisha.

Chapakazi
Hapo mtaishia kuweka michoro, na mchoro hauchangishi. Watu wanawasaidia watu, wanataka kuona sura.

Dau_la_Mchana
Posti hii haichangishi, inatafuta wasindikizaji. Weka sura ya msindikizaji.

Chapakazi
Na siku ya michango je?

MkungaMzoefu
Siku hiyo tutabishana tena. Kalamu, kitu kimoja umekisahau: slaidi zako tano hazina mahali pa yule dada wa chumbani. Kwenye ya nne weka "Ni wewe, au unamjua? Piga namba hii, ni siri", na isiwe namba ya SINDIKIZA. Ipokelewe na mwanamke aliyefundishwa, si simu ya ofisi inayozungushwa kwa kila mtu.

Kalamu_Nyepesi
Namba ya pili hatuna. Kesho namwomba mkurugenzi laini nyingine kabla sijagusa rangi wala fonti.