Tupeane uzoefu: picha za samaki, magari na noti kwenye apu za uchumba

Binti wa Malindi: Jamani, naanza mimi. Tulichaguana na kaka mmoja, picha yake ya kwanza amekumbatia sulisuli nyuma ya boti. Moyoni nikasema huyu ni mtu wa bahari, labda boti ni yake. Tulipoonana nikamuuliza bahari ya siku hizi ikoje, akanyamaza. Alikuwa mgeni, boti alikodi siku moja. Hakunidanganya kwa mdomo, ila nilivunjika moyo sana. Nanyi picha kama hizo mnazisomaje?

Baharia mstaafu: Binti yangu, boti za kukodi nimezifanyia kazi miaka mingi. Tazama mikono. Baharia humshika sulisuli mdomo akiwa na glavu, kwa sababu ule mdomo unakwaruza kama tupa. Mteja huwekwa katikati, mikono mitupu, amekumbatia tumbo. Tazama na msimu: sulisuli wetu huja na kaskazi, Desemba hadi Machi hivi. Akikwambia Julai, kusi limechachamaa, kuwa amemvua jana, muulize vizuri. Na wengi huwekewa alama wakarudishwa majini, kwa hiyo usidhani kuna kitoweo alichopeleka nyumbani.

Mama Langoni: Sisi Lamu tunaletewa Prado. Kaka ameegemea gari, nyuma naiona gati ya Mokowe. Gari likifika pale ndiyo mwisho, huku anavuka kwa boti kama sisi sote. Mimi ningependa kumwona kwenye vichochoro vyetu, nijue anaishije.

Kijana wa Watamu: Gari ni rahisi, soma namba. Ikianza na KD gari ni jipya, basi ana pesa.

Baharia mstaafu: Mwanangu, hapo umepata nusu. Herufi zinakuonyesha gari lilisajiliwa Kenya lini. Laweza kuwa limetumika miaka saba Japani kabla ya kushushwa Mombasa, na mwenyewe hazikuonyeshi hata kidogo.

Shosti wa Maweni: Mimi niliwekewa noti za elfu, kazipanga kama upepeo. Nikavuta picha karibu: zina sura ya Mzee Kenyatta! Zile za elfu ziliacha kutumika mwisho wa Septemba 2019. Kwa hiyo na uso niliokuwa nautazama ni wa zamani. Nilimwomba picha ya leo, hakuleta.

Mvuvi wa Shela: Samahani, mimi navua kweli. Nikiweka nguru wangu, dada zangu wananiuliza kilo ni bei gani. Niweke nini?

Binti wa Malindi: Kaka, jiweke unashona jarife. Mtu akiona vidole vinavyojua fundo, anapata la kukuuliza.

Kijana wa Watamu: Lakini huyo mgeni wako alifurahi siku moja baharini, akataka kuionyesha. Kosa lake ni lipi?

Binti wa Malindi: Nimelala nikiliwaza hilo. Angeandika tu chini ya picha, "siku yangu ya kwanza baharini", ningempenda zaidi.