Tupeane uzoefu: Baiskeli ya umeme inayozima mlimani wakati chaji bado ipo

Mpanda Bugando: Wakuu, naanza mimi. Yangu ni ya volti 48, kila asubuhi napanda nayo Bugando. Siku hizi inazima katikati ya mlima, skrini giza kabisa. Nikichomoa betri na kuirudisha, inawaka na kuonyesha chaji zaidi ya nusu. Kwenye tambarare haina neno. Nani yamemkuta?

Kijana wa Kati: Kontrola yako ndogo hiyo. Funga ya ampea 30, huo mlima utausahau.

Fundi Waya: Atakuunguzia betri huyo. Kontrola ikikata yenyewe, mara nyingi mota hunyamaza huku skrini ikiendelea kuwaka. Skrini ikizima, ama bodi ya ulinzi ndani ya betri imekata, ama konekta imeachia. Kwa kuwa yako huamka ukichomoa na kurudisha, ningeanza na bodi.

Niliwahi kufungua ya mteja yenye mafungu 13 ya seli. Ikiwa imetulia, mafungu 12 yalisoma volti 3.88 na moja 3.52. Tulipoipandisha mlimani ikavuta ampea 18, yale 12 yakashuka hadi 3.6, lile dhaifu likaporomoka hadi 2.8, bodi ikakata. Jumla ilikuwa bado volti 46! Skrini husoma jumla tu, haijui kuna mmoja anayekufa humo ndani.

Mama Pweza: Yangu haiingizi chaji kabisa, ni tatizo hilohilo?

Fundi Waya: Hapana mama, hiyo anza na chaja na fyuzi.

Nyali Baridi: Mimi nilinunua hadi betri mpya bure. Kumbe konekta: chumvi ya huku Mombasa imekula shaba, plastiki imeanza kuwa kahawia. Baada ya kupanda daraja ukiishika ni ya moto. Fundi alipima volti 0.5 zikipotea hapo wakati mota inavuta. Dalili yangu ilikuwa kuzima hata kwenye matuta.

Mpanda Bugando: Konekta yangu haipati moto. Nifungue betri?

Fundi Waya: Kama hujazoea, usifungue, ncha za multimita zikigusana humo utaona cheche. Kwanza iache kwenye chaja saa kadhaa baada ya taa ya kijani, ukiwa macho na karibu nayo. Bodi nyingi husawazisha mwishoni tu, tena polepole: kwa miliampea 50, pengo la ampea-saa 1 ni saa 20. Wakati huohuo punguza mvuto. Kama skrini ni ya KT, weka `C5` kuwa `4`. Kontrola ya ampea 20 itaishia kama 13. Utapanda taratibu, lakini utafika.

Kijana wa Kati: Sasa si bora kusukuma?

Mpanda Bugando: Mrejesho: nimeweka 4, siku tatu imefika juu bila kuzima. Leo ya nne imezima tena karibu na geti. Usiku nilikuwa nimeiacha kwenye chaja saa 6.

Fundi Waya: Lete hilo betri tulipime fungu kwa fungu. Nina wasiwasi hiyo seli inavuja chaji yenyewe.